Nimekuta hataza ya Marekani inayofanana na mfumo wangu wa kuagiza gesi. Madai yake 26 yanasema nini hasa?

GesiMtaani

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza mfumo wa kuagiza gesi ya kupikia hapa Dar. Mteja anajisajili mara moja tu: namba ya simu, mahali anapokaa, aina na ukubwa wa mtungi wake. Siku gesi ikiisha anafungua programu, anaona picha ya mtungi na bei ya siku hiyo, anabonyeza kitufe kimoja, oda inaingia kwa wakala wa karibu, na boda anapeleka. Hilo ni toleo la kwanza. Toleo la pili, ambalo ndilo ninalolipenda zaidi, lina kibao cha mizani kinachokaa chini ya mtungi. Gesi ikibaki kidogo, oda inajituma yenyewe bila mtu kugusa simu.

Nataka kuomba hataza BRELA. Jamaa yangu akanishauri nitafute kwanza kwenye Google Patents, na huko nimekuta US5960411A ya Amazon. Nimesoma muhtasari wake, nikahisi wamenieleza mimi mwenyewe. Nikashuka kwenye madai, nikakuta yako 26, na sentensi ya kwanza inajaza nusu ya skrini. Naomba mwenye uzoefu anisaidie kuyaweka kwa lugha ya kawaida, nijue ninagongana nayo wapi.

Mpambanaji_Tz

Mkuu usijitishe. Hizi mambo ni asilimia. Ukibadilisha asilimia 30 ya kitu cha mtu, hicho ni chako. Ongeza vitu vyako, weka na chati ya mapishi, weka pointi za mteja mwaminifu. Hawana la kukufanya.

MsomaMadai

GesiMtaani, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuomba. Nimefanya kazi ya kusoma madai kwa wavumbuzi kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba nichukue nafasi kidogo.

Kwanza Mpambanaji, kaka yangu, hakuna sheria ya asilimia. Wazo lako lina nusu ya ukweli: tofauti inaweza kukuokoa kweli. Ila inayookoa ni ya kukosa kitu, si ya kuongeza kitu. Dai limeandikwa kama orodha ya mambo ambayo lazima yawepo. Ukiwa nayo yote umo ndani, hata ukiongeza chati ya mapishi, pointi na redio juu yake. Ukikosa hata moja, kwa kawaida uko nje ya dai hilo. Nasema kwa kawaida kwa sababu mahakama za Marekani zinaweza kuhesabu kitu kinachofanya kazi ileile kwa namna ileile kuwa sawa na kilichotajwa. Kubadilisha skrubu kwa ribiti hakukutoi.

Sasa hataza yenyewe. Muhtasari usahau kabisa, haukupi wala haukunyimi haki yoyote. Nenda kwenye madai, tenganisha yanayosimama yenyewe na yanayoanza kwa kutaja dai jingine. Kwenye hataza hii yanayojitegemea ni manne tu: la 1, la 6, la 9 na la 11. Hayo mengine 22 yamening'inia kwenye hayo manne. Dai la 3, kwa mfano, linasema ni njia ya dai la 1 ambapo tendo lenyewe ni kubofya kitufe. La 4 linasema tendo ni kutamka sauti. Kama uko nje ya dai la 1, huwezi kuwa ndani ya la 3 wala la 4, kwa hiyo hofu yako imeshuka kutoka 26 hadi manne.

Dai la 1 nimelikatakata hivi, kwa maneno yangu:

A. Kifaa cha mteja kinaonyesha taarifa za kuitambulisha bidhaa.
B. Kwa tendo moja tu la mteja, kifaa kinatuma kwa seva ombi la kuagiza, pamoja na kitambulisho cha mnunuzi.
C. Upande wa seva kuna sehemu ya oda za tendo moja, nayo inapokea ombi hilo.
D. Seva inachukua taarifa nyingine za mnunuzi huyo zilizohifadhiwa kabla.
E. Inatengeneza oda kwa kutumia taarifa hizo.
F. Oda inatimizwa, ununuzi unakamilika, bila kupitia utaratibu wa kapu la manunuzi.

Weka toleo lako la kwanza pembeni ya orodha hiyo. Picha ya mtungi na bei: A ipo. Kitufe kimoja na namba ya simu inayoenda na ombi: B ipo. Seva yako inapokea na kutoa anwani na ukubwa wa mtungi kutoka kwenye usajili: C, D na E zipo. Boda anafikisha, hakuna kapu: F ipo. Kwa dai hilo kama lilivyoandikwa mwanzo, umekaa ndani yake mzima mzima.

Dai la 6 ni hadithi nyingine. Linaelezea kifaa cha mteja chenye sehemu ya tendo moja *na pia* sehemu ya kuongeza bidhaa kwenye kapu. La 9 ni upande wa seva, nalo linataka kapu liwepo sambamba. Wewe kapu huna, kwa hiyo hayo mawili hayakugusi. Dai refu linaonekana la kutisha, lakini kila kitu kilichoongezwa ndani yake kinalifanya liwe jembamba zaidi. Lile fupi ndilo la kuogopa, na hapa ni la 11: onyesha bidhaa na onyesha tendo moja la kuiagiza, tendo likifanyika tuma ombi kwa seva, oda itimizwe bila kapu. Halitaji hata taarifa zilizohifadhiwa. Na wewe umo pia.

Toleo la mizani tulijadili baadaye, lina mambo yake.

GesiMtaani

Mkuu, nimesoma mara mbili na mwili umepoa. Lakini kuna kitu sikukieleza. Baada ya kubonyeza kitufe, simu inaleta dirisha la M-Pesa na mteja anaweka namba ya siri. Hayo si matendo mawili? Dai linasema tendo moja tu.

Kisumu_Dev

Hapo umetoka, ndugu. Neno "tu" limewafunga wenyewe. Kubonyeza ni moja, namba ya siri ni mbili. Na kabla ya hapo alifungua programu, hiyo ni tatu. Mimi nimejenga mifumo ya malipo miaka mingi, hakuna oda ya simu Afrika Mashariki isiyo na namba ya siri.

MsomaMadai

Kisumu_Dev, hoja hiyo ya kuhesabu tangu kufungua programu iliwahi kujaribiwa. Amazon waliwashtaki barnesandnoble.com kwa sababu ya huduma yao iliyoitwa Express Lane, na Desemba 1999 mahakama ikaizuia huduma hiyo. Kesi ilipofika mahakama ya rufaa mwaka 2001, upande wa washtakiwa ulisema mteja wao anabofya zaidi ya mara moja, maana lazima kwanza afike kwenye ukurasa wa kitabu. Mahakama haikukubali. Ilisema hesabu inaanza pale taarifa za bidhaa zinapokuwa tayari mbele ya mteja. Kwa hiyo kufungua programu hakuhesabiki. Bidhaa ikishaonekana, ndipo unahesabu.

Namba ya siri ni swali gumu zaidi. Isome B tena taratibu. Kinachotokea kwa tendo moja ni *kutumwa kwa ombi la kuagiza*. Sasa GesiMtaani tuambie: ombi linaenda kwa seva yako lini? Kitufe kikibonyezwa, au baada ya M-Pesa kurudisha jibu kwamba hela imelipwa?

GesiMtaani

Linaenda kitufe kikibonyezwa. Seva yangu inaandika oda yenye hali ya "inasubiri malipo", halafu ndiyo inayoita dirisha la M-Pesa. Asipolipa ndani ya muda fulani, oda inafutwa.

MsomaMadai

Basi mwenye hataza angesema ombi limeshatumwa kwa tendo moja, na namba ya siri ni sehemu ya malipo, si ya kuagiza. Wewe ungesema F inataka ununuzi ukamilike kutokana na mtiririko huohuo, na wako haukamiliki bila tendo la pili. Kwa maoni yangu mwenye hataza ana nguvu kidogo zaidi hapo. Ungebadilisha mpangilio, seva isiandike oda yoyote mpaka malipo yathibitike, hoja yako ingekaa vizuri. Simu ya mteja haionyeshi tofauti yoyote, lakini mbele ya dai tofauti ni kubwa. Ndiyo sababu anayekufupishia madai lazima ajue mfumo wako unafanya nini na kwa mfuatano upi.

Kisumu_Dev

Bado sikubali. Oda isiyolipwa si oda. Muulize mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo au Gikomba.

Karakana_Moro

Na mimi nina swali hilohilo. Nina mashine ya kukwangua mihogo, nimeibuni mwenyewe, ngoma yake ina meno niliyoyapanga kwa mzunguko. Nimekuta hataza ya nje yenye mchoro unaofanana kabisa na wangu, hadi mkono wa kuzungushia. Nimekata tamaa. Sasa hapa mnazungumzia simu, je, na mashine ni hivyohivyo?

MsomaMadai

Ni hivyohivyo, Karakana. Mchoro unaonyesha mfano mmoja wa walichotengeneza, haki yao iko kwenye madai. Inawezekana mchoro ni pacha wa mashine yako, lakini dai la kwanza linataka, tuseme, mota ya umeme na chujio ndani ya mkondo mmoja, na wewe huna. Inawezekana pia mchoro ukawa tofauti na dai likakumeza. Fungua uzi wako uweke namba ya hataza hiyo, tuikatekate vipande kama hii. Usituwekee picha ya ngoma yako kwanza.

Wakili_Bi_Asha

Nimewafuatilia kimya kimya. MsomaMadai amechambua vizuri, lakini wanangu, mnajadili kama hataza hii iko hai. Iliombwa Septemba 1997, ikatolewa Septemba 1999, na muda wake uliisha Septemba 2017. Leo hakuna mtu wa kuzuiwa kwa hataza hiyo, hata Marekani kwenyewe. Na hata ingekuwa hai, ni ya Marekani. Hataza haivuki mpaka. Kama hakuna iliyosajiliwa Tanzania, moja kwa moja au kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, mtu hawezi kukuzuia kuuza gesi Mbagala.

Jambo la pili. Madai mliyoyakatakata ni ya mwaka 1999. Baadaye mtu mmoja kule New Zealand aliomba hataza ichunguzwe upya. Amazon wakayabana madai ya 1 na 11, kapu likaingizwa humo kama sehemu ya mfumo, na mwaka 2010 ofisi ya Marekani ikayakubali yakiwa yamebanwa hivyo. Maana yake GesiMtaani, ambaye kapu hana, alikuwa na hoja nzuri ya kutoka hata kwenye yale mawili aliyoambiwa amezama. Anayetoa muhtasari wa madai lazima ahakikishe anasoma madai ya mwisho. Cheti cha uchunguzi upya kinachapishwa peke yake, baada ya hataza ya awali.

MsomaMadai

Bi Asha, nashukuru. Kwa cheti cha 2010 uko sahihi kabisa na kinabadilisha jibu la dai la 1 na la 11. Nilianza na maandishi ya awali kwa sababu ndiyo aliyoyafungua yeye.

Mpambanaji_Tz

Sasa si nilisema? Hataza imekufa, mkuu endelea, kasajili BRELA iwe yako.

Wakili_Bi_Asha

Hapana, baba. Hapo umechanganya maswali mawili, na wavumbuzi wengi huumia hapo.

Swali la kwanza ni: je, naruhusiwa kutengeneza na kuuza? Kwa hilo unasoma madai, unaangalia kama hataza iko hai, na ni ya nchi gani. Kwa US5960411 jibu ni kwamba haikuzuii.

Swali la pili ni: je, wazo langu ni jipya kiasi cha kupewa hataza? Hapa uhai wa hataza hauna maana tena, na mipaka ya nchi haina maana. Waraka uliochapishwa mahali popote duniani, hata kama umekufa, unahesabika. Na hapa husomi madai peke yake, unasoma kila kitu: maelezo, michoro, hata sentensi waliyoitaja kwa kupita. Kama kwenye maelezo wameeleza jambo ambalo hawakulidai, hawawezi kukuzuia kulifanya, lakini na wewe huwezi kusema umelivumbua.

Hataza hii yenyewe ilitikiswa hivyohivyo. Ile rufaa ya 2001 iliona Amazon wana nafasi nzuri ya kuonyesha kuwa madai yao yamevunjwa, lakini ikaondoa zuio, kwa sababu washtakiwa walileta vitu vya zamani vilivyotia shaka upya wa wazo. Kimojawapo kilikuwa huduma ya CompuServe, ambayo mteja alibonyeza kitufe cha chati ya hisa akatozwa senti 50. Kitufe kimoja, bidhaa, malipo kwenye akaunti iliyopo.

Kwa hiyo toleo lako la kwanza, GesiMtaani: liuze. Kuliombea hataza ni kupoteza ada. Tena sheria yetu haizihesabu njia za kufanya biashara kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza.

Kisumu_Dev

Huku kwetu pia. Sheria ya mwaka 2001, kifungu cha 21, imezitoa njia za kufanya biashara. Hapo naungana na wakili.

GesiMtaani

Nimeumia kidogo lakini nashukuru, bora kuumia sasa. Nimejaribu kuandika muhtasari wangu mwenyewe, naomba mniangalizie:

"Hataza inadai njia ya kuagiza bidhaa kwa tendo moja la mteja aliyeonyeshwa bidhaa. Toleo langu la kwanza linafanya hivyo, ila hataza imeisha 2017, ni ya Marekani, na madai yake yalibanwa 2010 yahusu mfumo wenye kapu. Haiwezi kunizuia. Inaniondolea upya. Toleo la mizani haliguswi kwa sababu hakuna tendo."

MsomaMadai

Sentensi zote nazikubali isipokuwa ya mwisho. Umeikimbilia. Iandike hivi: "Kwenye toleo la mizani, kipande B hakionekani, kwa kuwa ombi linatumwa na kipimo cha uzito bila mteja kufanya lolote. Kipande A nacho kina shaka kama hakuna skrini inayoonyesha bidhaa wakati wa kuagiza." Taja kipande na sababu, maana ukisema tu haliguswi, atakayekuja kulikagua hatajua uliangalia nini. Chunga pia: ukiweka ujumbe unaomwuliza mteja "gesi imebaki kidogo, tuagize?" naye akabonyeza ndiyo, umerudisha A na B mwenyewe.

Na hiyo ni kwa waraka huu mmoja. Amazon wenyewe waliwahi kuuza kitufe cha kubandika ukutani, Dash Button, kuanzia 2015, na walikuwa na huduma ya vifaa vya nyumbani vinavyojiagizia sabuni na wino vikipungua. Kifaa kinachoagiza chenyewe si wazo jipya. Tafuta kwa maneno ya mtungi, uzito na kiwango cha gesi, na tafuta zilizo hai. Nina hakika kidogo sana kwamba "mizani chini ya mtungi inatuma oda" litapita peke yake.

GesiMtaani

Sasa nimebaki na nini?

MsomaMadai

Niambie kitu kimoja. Mtungi wa kilo 15 una uzito wake mtupu uliochapwa kwenye shingo, na hautoshani mtungi kwa mtungi. Mteja akibadilishiwa mtungi, mizani inapima chuma na gesi kwa pamoja. Kibao chako kinajuaje gesi imebaki kiasi gani? Mteja anaingiza namba ya shingoni kila mara?

GesiMtaani

Hapana, haingizi chochote! Hiyo ndiyo kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Nilianza na njia ya kawaida ikawa inakosea kila mtungi ukibadilishwa, hasa mteja akiuegemeza au akiweka kitu juu yake. Nikaja kugundua kwamba pale mtungi unapoondolewa na mwingine kuwekwa, kibao kinaweza

Wakili_Bi_Asha

Ishia hapo hapo mwanangu. Usimalizie. Uzi huu unasomwa na kila mtu, na ukishaeleza hapa, maelezo yako mwenyewe yanakuwa waraka wa kukuondolea upya. Baadhi ya sheria zina muda wa kumvumilia mvumbuzi aliyejitangazia mwenyewe, lakini si kila nchi, na usijenge ombi lako juu ya huruma hiyo. Huenda hicho ndicho uvumbuzi wako, maana kinatatua tatizo la kifaa chenyewe, si la biashara. Kiandike kwenye daftari, weka tarehe, umweleze anayekuandalia ombi peke yake.

GesiMtaani

Nimesimama, mama. Nimemtumia MsomaMadai ujumbe binafsi wa kuomba miadi tu, bila maelezo. Leo usiku naanza kutafuta zile zilizo hai za uzito wa mtungi.

Kisumu_Dev

Sawa, lakini swali la namba ya siri mmeliacha hewani. Kama seva inaandika "inasubiri malipo", hiyo ni oda au si oda? Nina mteja Nairobi mwenye mpangilio huohuo na hataza anayoihofia yeye bado iko hai.